Hereni nzito zinavyopasua masikio: pima uzito kabla ya kununua

MAMA mmoja anayenunua mapambo Kikuubo, jijini Kampala, na kuyauza ng'ambo ya mpaka wa Busia ana desturi ya kuvaa bidhaa yake mwenyewe. "Mteja akiiona sikioni ananunua upesi," anasema.

Kwa miaka mitatu alivaa hereni kubwa za duara, za shaba ya njano, tangu alfajiri anapopanda basi hadi usiku. Leo tundu la sikio lake la kushoto, lililokuwa dogo kama kichwa cha pini, limekuwa mfereji wa milimita sita. Chini yake imebaki ngozi nyembamba tu.

Kisa ni uzito. Ndewe haina mfupa, wala ule mfupa laini unaosimamisha sehemu ya juu ya sikio. Ni ngozi na mafuta. Hereni ikining'inia kwa waya mwembamba, waya hukata polepole kama uzi unavyokata kipande cha sabuni. Ngozi ikishavutika hivyo hairudi yenyewe, na hakuna mafuta ya kupaka yatakayolifunga tundu.

Tuchukue hereni zake zenyewe. Kila moja ni duara lenye upana wa sentimita sita, na unene wake ni milimita nne. Ikiwa ni shaba tupu hadi ndani, uzito wake hufika gramu 20 hivi. Sarafu ya Uganda ya shilingi 500 ina takriban gramu 9, kwa hiyo ni kama kutundika sarafu mbili na zaidi kwenye kila sikio kutwa nzima.

Duara la ukubwa huo huo, likiwa na uwazi ndani kama bomba, huwa na gramu 7 hivi. La aluminiamu, hata likiwa limejaa, halifiki gramu 7. Kwa macho tofauti ni ndogo, lakini sikio linaijua.

Kwa hiyo unapochagua sokoni usitazame ukubwa. Weka hereni moja kwenye kiganja kimoja na sarafu ya shilingi 500 kwenye kingine. Ikiwa hereni inaizidi sarafu, iache kwa sherehe ya saa chache, si kwa safari wala kazi ya kutwa.

Kampala haina uhaba wa hereni nyepesi. Katika mtaa wa Acholi Quarters, Kireka, wanawake waliokimbia vita vya kaskazini walijulikana kwa shanga za karatasi zilizokunjwa na kupakwa vanishi. Wapo waliorudi makwao vita vilipotulia baada ya 2006 na ujuzi huo mikononi. Shanga kama hiyo ni nyepesi mno, na hata ikiwa kubwa hailemei sikio. Ila ukitunga nyingi kwenye waya mmoja, pima tena.

Jambo la pili ni kizuizi cha nyuma. Kile kidogo chenye umbo la kipepeo hukaa juu ya eneo dogo mno, na hereni nzito huinama mbele na kuvuta tundu chini. Tafuta kizuizi chenye kisahani kipana cha plastiki angavu, cha sentimita moja au zaidi. Kisahani huegemea nyuma ya ndewe na kuizuia hereni isiiname.

Usikibane sana. Acha nafasi ndogo, kwani ukikibana ngozi hukosa damu, huvimba, na kizuizi kinaweza kuzama ndani. Kumbuka pia kwamba kisahani hakipunguzi uzito. Na hereni za ndoano, hata ukiziwekea kipira cha nyuma, kipira huzuia zisipotee tu. Mzigo bado uko juu ya waya.

Jitazame kwenye kioo mara kwa mara bila hereni. Tundu likianza kuonekana kama mstari badala ya nukta, acha nzito mara moja. Vua hereni kabla ya kulala, kubeba mtoto au kuvaa kofia ya pikipiki.

Ndewe ikishapasuka, usiigundishe kwa gundi. Daktari huikata kingo na kuishona kwa dawa ya ganzi, na kutoboa upya husubiri miezi kadhaa, pembeni ya kovu. Mwenye ngozi inayoota makovu makubwa amweleze daktari mapema.

Mama wa Busia sasa huvaa shanga za karatasi zenye visahani. Tundu halijapungua, ila limeacha kukua. Zile za shaba bado anaziuza, lakini zinaning'inia kwenye ubao wa kibanda chake.