Alama ya Dola Isiyoonekana: Kurekodi Somo la Kompyuta kwa Mtu wa Simu

Mweka hazina wa kikoba anayejifunza Excel kwa video mara nyingi ana vioo viwili: kompyuta ya kuazima mezani, na simu mkononi. Kwenye kompyuta anafanya kazi, kwenye simu anatazama somo. Bando lake ni la kupimia, kwa hiyo YouTube ameiweka 360p, au imejishusha yenyewe mtandao ulipolegea. Hapo skrini nzima ya mwalimu, pamoja na menyu, mistari na tarakimu zake zote, imebanwa ndani ya pikseli 640 kwa upana na 360 kwa kimo. Mwalimu anasema, "Sasa weka alama ya dola hapa," na mtazamaji anaona ukungu.

Kwa sababu hiyo, anayerekodi somo la programu anafaa aanzie kwenye kile kioo kidogo na kurudi nyuma hadi kwenye kompyuta yake. Tuchukue somo moja la dakika nne, la kukokotoa riba ya mikopo ya wanachama, tulifuate tangu kupanga jedwali hadi kusikiliza sauti.

Jedwali lenyewe ni dogo. Seli B1 ina kiwango cha riba, 10%. Mstari wa 3 una vichwa: Jina, Mkopo, Riba. Kuanzia B4 kwenda chini ni mikopo: 200,000, kisha 150,000, kisha 100,000, kisha 300,000. Majina na mikopo ni ya kubuni, maana deni la mwanachama si la kutangazwa. Fomula inayoandikwa C4 ni hii:

```
=B4*$B$1
```

Alama mbili za dola zinaizuia B1 isisogee fomula inapoburutwa kwenda chini. Zikikosekana, C4 inatoa jibu sahihi la 20,000, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu mtu anaridhika na kuendelea. C5 inazidisha B5 kwa B2 ambayo ni tupu, inatoa sifuri. C6 inazidisha kwa B3, yaani neno "Mkopo", inatoa `#VALUE!`. C7 inazidisha 300,000 kwa 200,000 ya B4, na mwanachama wa nne anadaiwa riba ya shilingi bilioni 60. Somo zuri linaonyesha kwanza uharibifu huu, halafu dawa yake. Lakini dawa yenyewe ni vialama viwili, na mtazamaji asipoviona hajafundishwa kitu.

Kompyuta nyingi za mkononi za bei nafuu zina skrini ya pikseli 1366 kwa 768. Maandishi ya kawaida ya Excel, ukubwa wa 11, yana tarakimu zenye kimo cha pikseli kumi hivi. Video ikishushwa hadi 360p, kila kitu kinagawanywa kwa zaidi ya mbili, na tarakimu inabaki na pikseli kama tano. Katika pikseli tano huwezi kutenganisha alama ya dola na herufi S wala namba 8. Basi kabla ya kurekodi chochote, sogeza kitelezi cha ukuzaji kilicho chini kulia mwa Excel hadi 160%. Huku ndiko kukuza kuzuri kuliko kote, kwa sababu programu inachora herufi upya, kubwa na kali, badala ya kutanua picha iliyokwisha kupigwa. Kasoro yake ni moja: kitelezi hicho hakiugusi mstari wa fomula ulio juu ya jedwali. Kwa hiyo mwonyeshe mtazamaji fomula ikiwa ndani ya seli, kabla ya kubonyeza Enter, wala usimpeleke kule juu.

Kwa kurekodi, OBS Studio inatosha na ni ya bure. Chagua `Display Capture`, inayochukua skrini nzima, badala ya `Window Capture`, inayochukua dirisha moja. Dirisha moja linaonekana nadhifu zaidi, lakini menyu zinazoshuka mara nyingi ni madirisha mengine kwa hesabu ya kompyuta, na hazitokei kwenye video. Mtazamaji anaona kishale kikielea hewani na kuchagua kisichokuwapo. Gharama ya kuchukua skrini nzima ni kwamba na ujumbe wa WhatsApp unaodokeza pembeni utarekodiwa, kwa hiyo zima arifa zote kwanza. Fremu 30 kwa sekunde zinatosha kabisa. Hifadhi katika muundo wa `mkv`: umeme ukikatika katikati ya kazi, faili la aina hiyo linabaki na yote yaliyokwisha kurekodiwa, ilhali `mp4` ya kawaida inaweza kukataa kufunguka. Ukimaliza, `Remux Recordings` katika menyu ya `File` inaigeuza kuwa `mp4` kwa muda mfupi.

Kishale nacho kinahitaji msaada, maana kwa ukubwa wake wa kawaida kinapotea. Wenye Windows wana PowerToys, programu ya bure ya Microsoft, yenye kifaa kiitwacho `Mouse Highlighter`. Ukiwasha kwa Windows, Shift na H, kila ubonyezapo kitufe cha kushoto cha kipanya kinatokea kiduara cha njano chini ya kishale, na cha kulia kinatoa bluu. Kiduara hicho ni tabaka linaloelea juu ya skrini, sababu nyingine ya kutumia `Display Capture`. Kifanye kiwe chepesi cha kupenya macho, la sivyo kitaifunika namba unayoionyesha. Binafsi napendelea kitokee wakati wa kubonyeza tu. Doa la njano linalozurura skrini nzima linachosha, na baada ya dakika moja jicho haliliamini tena.

Hata hivyo mkono ndio wenye kazi kubwa kuliko rangi. Wapo wanaozungusha kishale kama anayefukuza nzi huku wakisema "hapa, hapa". Kipeleke kwenye seli kwa mwendo mmoja, kitulie sekunde nzima, ndipo ubonyeze, kisha kitoe kando ili namba isomeke. Baada ya kila hatua acha mkono sekunde tatu bila kugusa kitu. Utulivu huo unaonekana kama uzembe wakati wa kurekodi, lakini tutauhitaji tukifika kwenye sauti.

Sasa kuvuta karibu. Kazi hii inafanyika baadaye, katika programu ya kuhariri. Katika Shotcut, ya bure pia, kichujio chake kinaitwa `Size, Position & Rotate`, nacho kinakubali alama za wakati ziitwazo `Keyframes`. Unaweka nne: picha ikiwa nzima, nusu sekunde baadaye ikiwa 200%, ikiwa bado 200% mwishoni mwa hatua, na nusu sekunde nyingine ikirudi nzima. Mvuto uanze kabla ya kitendo. Ukivuta wakati kidole tayari kinaandika, jicho linafika dola zikiwa zimekwisha kuwekwa.

Wengi huogopa 200% kwa sababu picha inafifia, na kweli inafifia kwa anayetazama 720p. Lakini fanya hesabu kwa yule wa 360p. Nusu ya 1366 ni 683, na skrini yake inaonyesha 640. Maana yake, hata baada ya kukuza mara mbili, bado unampa pikseli nyingi kuliko anazoweza kuona, na hapotezi ukali wowote. Tarakimu zilizokuwa na pikseli tano sasa zina kama kumi na tano. Ukienda 300%, umeivuka akiba hiyo, na hata yeye ataona ukungu.

Hatari nyingine ya kuvuta karibu ni kumpoteza mtu. Akiona seli moja tu imejaa skrini, hajui kama ni C4 au F20. Kwa hiyo fremu iliyovutwa ibaki na herufi za safu juu na namba za mistari kushoto. Hapa ndipo mpangilio wa jedwali unapolipa: B1 na C4 ni majirani, na zote zinaingia katika fremu moja pamoja na vichwa vyake. Kiwango cha riba kingekuwa kule M1, hakuna mvuto ambao ungezionyesha pamoja. Somo zima linahitaji mivuto mitatu tu: wakati wa kuandika fomula, wakati wa kukishika kile kimraba cha pembeni mwa seli ambapo kishale kinageuka kuwa msalaba mwembamba mweusi, na wakati wa kuonyesha zile bilioni 60. Mengine yaonekane kwa picha nzima.

Kuna kitu kimoja ambacho hakuna mvuto unaoweza kukionyesha, nacho ni kibodi. Mwalimu akibonyeza F4, dola zinatokea zenyewe mbele ya B1, na mtazamaji anabaki akijiuliza zimetoka wapi. Weka maandishi makubwa, "F4", kwenye kona ya fremu kwa muda wote wa hatua hiyo, na useme kwamba kompyuta nyingi za mkononi hudai Fn ishikwe pamoja nayo.

Sauti nashauri irekodiwe peke yake, baada ya picha. Anayesema huku akibonyeza hujaza nafasi kwa "eee" na "sasa tunakuja", na kubofya kwa kipanya kunaingia kwenye kila sentensi. Andika maneno, tazama video yako iliyo kimya, kisha soma. Usiseme "hapa", sema "seli C4". Jambo la menyu litaje kwa jina lililoandikwa kwenye skrini, hata kama ni la Kiingereza, kwa kuwa ndilo macho yake yanalitafuta.

Maikrofoni ya simu ya kawaida inafaa ikiwekwa kama sentimita 20 kutoka mdomoni, kando kidogo ya njia ya pumzi, ili p na b zisipige kishindo. Chumba chenye godoro, mapazia na nguo zilizotundikwa hakirudishi mwangwi; sebule yenye vigae hurudisha. Feni izimwe, friji pia kwa robo saa. Mvua kwenye bati haina dawa, subiri ipite. Kabla ya neno la kwanza nyamaza sekunde tano na kurekodi kuendelee. Katika Audacity utachagua ukimya huo, ubonyeze `Get Noise Profile` ndani ya `Noise Reduction`, kisha uchague rekodi yote na kupunguza mvumo.  Jaribu desibeli 6 kwanza. Ukipitiliza, utaijua kwa s na sh: zinaanza kulia kama bati linalokwaruzwa, na sauti inakuwa ya mtu aliye majini.

Maelezo yakizidi picha, sasa zile sekunde tatu za utulivu zinafanya kazi. Skrini isiyo na mwendo inaweza kugandishwa sekunde nne, tano zaidi, na hakuna atakayegundua. Kishale kikiwa katikati ya safari, mgando unaonekana wazi.

Video ikikamilika, mpe mtu mwenye jedwali lake mwenyewe, simu ikiwa 360p, na ukae kimya nyuma yake. Kila anaporudisha nyuma, andika dakika na sekunde. Akirudisha mara mbili mahali pamoja, ama mvuto umechelewa, ama umeondoka kabla hajamaliza kusoma. Ongeza sekunde mbili kabla ya alama ya tatu, umpe tena.