"Pole" si "samahani": kufasiri maneno ya simu ya huduma kwa wateja

Maneno anayosema mhudumu wa simu unapopiga kulalamika aghalabu yameandikwa mapema kwenye karatasi iitwayo skripti, na mara nyingi yameandikwa kwa Kiingereza kwanza. Mfasiri akiyatia Kiswahili neno kwa neno, tunapata "tafadhali shikilia laini" na "tafadhali shauriwa kwamba". Haya yanachekesha tu, mteja anaelewa na maisha yanaendelea. Yenye gharama ni yale yasiyochekesha: sentensi sahihi kisarufi ambazo zinamtukana mteja bila kukusudia, au zinamwahidi jambo ambalo kampuni haikuahidi.

Tuchukue lalamiko moja la mfano tulifuate mpaka mwisho. Mama mmoja wa Kisauni amekatiwa maji. Anasema alilipa shilingi 2,350 kwa simu siku ya Jumatatu. Mhudumu akitazama, hakuna malipo. Akisomewa ujumbe wa malipo, inabainika kuwa tarakimu ya mwisho ya nambari ya akaunti ni 6 badala ya 9, na pesa zimeingia kwa mtu mwengine. Kanuni ya kampuni ni kwamba maji hayarudi mpaka pesa zihamishiwe akaunti yake. Kwa hivyo mhudumu ana "la" ya kusema, na anayeambiwa ni mtu mzima, ana watoto nyumbani na madumu matupu.

Kiingereza cha skripti kitasema kwamba rekodi zinaonyesha mteja hajalipa. Ukifasiri "rekodi zetu zinaonyesha hujalipa", umemwita mwongo, maana keshakwambia kuwa amelipa. Njia ya Kiswahili ni kumwondoa mtu kwenye kitenzi na kuyaweka malipo mahali pake: "Malipo hayo bado hayajaonekana kwenye akaunti yako." Tazama mambo mawili hapo. "Kuonekana" hakuna mtendaji, basi hakuna anayelaumiwa. Na ile "-ja-" inaacha mlango wazi, yaani huenda yakaonekana. Mhudumu akisema "hayakuonekana", mlango ameufunga kabla hajauliza lolote. Hali ni hiyo hiyo kosa linapopatikana. "Umekosea nambari" ni kweli, lakini "nambari iliyoandikwa ina tarakimu moja tofauti na ya akaunti yako" ni kweli vilevile, na mama atajionea mwenyewe.

Sasa ile "la". Wafasiri wengi huogopa hapa wakakimbilia "kwa sasa hatutaweza" au "tutajaribu". Yote mawili ni hatari. "Kwa sasa" hualika mteja ajadiliane: basi je, saa moja ijayo? Nayo "tutajaribu", kwa masikio ya huku kwetu, ni ahadi kwa anayetaka kusikia ahadi, na kwa mwengine ni namna ya kumfukuza mtu kwa adabu. "Hatufungui" nayo inafanya jambo liwe ubishi baina ya mama na kijana aliye kwenye simu.

Kiswahili kina chombo chake cha kazi hii, nacho ni kitenzi cha kutendwa katika ukanushi wa wakati uliopo. Mzee akisema "chakula hakitupwi", hamkatazi mtu fulani, anataja kanuni inayomfunga yeye pia. Hakuna anayeudhika, wala hakuna anayepunguziwa bei. Basi skripti iseme: "Maji yatafunguliwa pesa zikishaingia kwenye akaunti yako. Kabla ya hapo hayafunguliwi." Mpangilio nao una kazi. Linaanza linalowezekana na sharti lake, kisha ndipo linakuja katazo, fupi, bila "samahani" ya kulilainisha.

Na hiyo samahani ndiyo mahali wafasiri wanapoteleza zaidi. Kiingereza kina "sori" moja kwa kila kitu, sisi tunayo maneno yenye mipaka. "Pole" humwambia mtu kwamba taabu yake umeiona, wala haisemi nani aliileta. "Samahani" na "tunakuomba radhi" ni maneno ya aliyekosa. Kwa mama huyu neno ni "pole": "Pole sana mama kwa kukosa maji, najua nyumba haiendi bila maji." Mhudumu akisema "tunaomba radhi kwa kukukatia maji", amekiri kosa lisilo la kampuni, na mama ana haki ya kuuliza mbona basi hawayafungui. Lakini ingekuwa kampuni ndiyo iliyoandika nambari vibaya kwenye bili, "pole" ingekuwa kejeli. Hapo sharti iwe "tunakuomba radhi, nambari tuliyokuandikia sisi haikuwa sahihi", na "sisi" isiachwe. Skripti nzuri huandika sentensi zote mbili na kumwonyesha mhudumu lini atumie ipi.

Katika kuomba, "naomba" inatosha. "Tafadhali" ikirudiwa kila sentensi husikika kama mashine. Ila ombi lenye lazima ndani yake lionyeshe hiyo lazima: "Nakuomba unisomee nambari ya muamala, herufi moja moja. Bila nambari hiyo pesa hazihamishwi." Heshima iko mwanzoni, uthabiti uko mwishoni.

Saa nazo zimewaponza wengi. Skripti ikisema kazi itakamilika kabla ya saa kumi za jioni, na mfasiri akaiona 4:00 akaandika "saa nne", mama ataanza kupiga simu asubuhi akiwa na haki yake yote. Iandikwe "saa kumi alasiri". "Siku mbili za kazi" pia ibadilishwe iwe siku yenye jina: "kabla ya saa kumi alasiri, siku ya Alhamisi". Na ikiwa mafundi watafanya kazi usiku, tahadhari: kwa wazee wetu wengi siku huanza magharibi, na "usiku wa Ijumaa" ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. "Usiku wa kuamkia Ijumaa" hauna utata.

Mteja akipandisha sauti, skripti nyingi zina sentensi ya kumtuliza. Iondolewe. "Tulia, mama" kutoka kwa kijana ni matusi, hata sauti ikiwa laini vipi. Badala yake mhudumu arudie lalamiko kwa maneno ya mteja mwenyewe: "Nimekusikia, mama. Ulilipa Jumatatu, na tangu jana huna maji." Kisha alirudie sharti lilelile kwa maneno yaleyale. Akibadilisha maneno, mteja atadhani msimamo nao umebadilika. Kuhusu kuitana, "mpendwa mteja" haimwiti mtu yeyote. Ni bora mhudumu aulize jina mapema na kusema "Bi" fulani, au "mama" ikiwa mteja mwenyewe amemwita "mwanangu".

Hata onyo la kurekodi linastahili kutazamwa. "Simu hii inaweza kurekodiwa" humwacha mtu akijiuliza kama inarekodiwa au la. Kama kampuni hurekodi kila simu, iseme "mazungumzo haya yanarekodiwa". Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na mtu ana haki ya kujua habari zake zinachukuliwa.

Mwisho wa skripti huwa kuna swali: je, kuna kitu kingine chochote ninachoweza kukusaidia nacho leo? Kwa mtu aliyenyimwa alichokuja kukiomba, hiyo "kingine" inakera, maana hata cha kwanza hajakipata. Afadhali mhudumu amwachie kitu mkononi: "Nambari ya lalamiko lako ni hii, iandike. Alhamisi saa kumi alasiri ikipita na maji hayajarudi, piga uitaje nambari hii, hutaulizwa kueleza upya."