Dawa Ikimuunguza Mteja, Nani Atalipa?

Rilaksa imeshapakwa, msusi ametoka nje kupokea simu, na muda wa kuosha umepita. Anaporudi, ngozi ya mteja imeshababuka kisogoni. Rilaksa nyingi zina sodiamu haidroksaidi, kemikali inayochoma ngozi ikiachwa kupita muda wake.

Mwenye saluni aliyekata bima ya dhima kwa umma huenda akadhani amekingika. Bima hiyo kwa kawaida hulenga ajali za mahali: mteja ameteleza kwenye maji, au kioo kimemwangukia. Madhara ya huduma yenyewe, yaani dawa, rangi au pasi ya nywele, mara nyingi hayamo mpaka mkataba uyataje. Kwa hiyo swali la kwanza kwa wakala ni hili: “Mteja akiungua kwa dawa niliyompaka, mnalipa?” Jibu lionekane kwenye mkataba, si mdomoni tu. Ajali ikitokea, kampuni ipewe taarifa kabla mwenye saluni hajaahidi fidia. Mikataba mingi humkataza kukiri kosa bila idhini yake.

Wizi nao una masharti yake. Bima ya wizi wa kuvunja hudai dalili kwamba mtu aliingia au kutoka kwa nguvu: kufuli lililokatwa, nondo zilizopindwa. Mashine ya kunyolea ikitoweka mchana saluni ikiwa wazi, au msusi akiondoka nayo, bima hiyo huenda isilipe.

Kwenye vifaa, wengi hupunjika kwa kutaja thamani ndogo ili ada ipungue. Chukua saluni ya kupanga yenye draya, viti, mabeseni na mashine za jumla ya shilingi 8,000,000, lakini mwenyewe ameandikisha 4,000,000. Wezi wanavunja na kuchukua vya 2,000,000. Kwa kuwa alikata bima ya nusu ya thamani, mkataba wenye kanuni ya uwiano utamlipa nusu ya hasara, yaani 1,000,000, kisha litolewe fungu ambalo kila mteja wa bima hujibebea mwenyewe. Bima ya mwenye nyumba haitamsaidia, kwani hiyo hukinga jengo, si mali ya mpangaji.

Draya ikiungua kwa sababu umeme umepanda ghafla, bima ya moto pekee inaweza isitoshe. Hitilafu ya umeme ndani ya kifaa huhitaji kinga yake.

Fedha zikiwa chache, kinga ya kuumia kwa wateja ina haki ya kutangulia. Hasara ya vifaa ina mwisho, nao ni bei ya kuvinunua upya. Gharama za matibabu na fidia ya aliyeungua hazina kikomo kinachojulikana mapema. Vifaa vifuate, vikiorodheshwa kwa bei ya leo, risiti na picha zake zikihifadhiwa nje ya saluni.