Omba Ramani Kabla ya Kulipa Amana

Tuseme unataka nyumba ya ghorofa ya 10 jijini Nairobi, na jengo bado ni msingi tu. Mwuzaji anakuonyesha picha za kuvutia na kukuomba amana. Kabla ya kulipa, mwandikie barua ukitaka nakala ya ramani zilizopigwa muhuri na kaunti, leseni ya NEMA, cheti cha Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na hati ya kiwanja.

Ukizipata, anza na ramani, kisha hesabu ghorofa. Ikiwa kaunti iliidhinisha 8, nyumba yako ya ghorofa ya 10 haina kibali, hata kama picha zinapendeza namna gani. Hasara yake si bomoabomoa pekee. Chini ya Sheria ya mwaka 2020 inayosimamia umiliki wa nyumba za ghorofa, hati yako hutegemea mchoro wa mpima ardhi uliosajiliwa, unaoonyesha kila nyumba na ukubwa wake. Ghorofa ya wizi ni vigumu kupita hapo.

Kisha linganisha namba ya kiwanja katika karatasi zote. Wakati mwingine leseni ni halali kabisa, ila ni ya kiwanja cha jirani. Nakala pekee hazitoshi, maana mihuri huchongwa. Mpe wakili wako azithibitishe kaunti na Ardhisasa.

Akikujibu kwamba vibali “viko njiani”, amana nayo ibaki benki kwako hadi vifike.