Mwanagenzi Akiambiwa Atie Saini Asichokihesabu

Wanagenzi wengi mjini Eldoret huanza kazi kwa makaratasi: kupokea bidhaa, kujaza rejista na kuandaa malipo. Hapo ndipo mtu anaweza kuombwa "arekebishe" idadi kidogo.

Chukua mfano wa bohari ya serikali. Agizo la ununuzi linataja mifuko 200 ya saruji, lakini lori linashusha 160. Msimamizi anamwambia mwanagenzi aandike 200 kwenye fomu ya S13, eti iliyobaki italetwa kesho. S13 huthibitisha kwamba bidhaa zimeingia bohari, na ndiyo huambatanishwa na ankara ili mwuzaji alipwe. Akishalipwa mifuko 200, ni nini kitakachomharakisha kuleta 40? Mkaguzi wa hesabu akifika baadaye, atakuta saini ya mwanagenzi. Agizo la mdomo halitaonekana popote.

Si kila badiliko ni udanganyifu, kwani hesabu hukosewa. Sahihisho halali huacha takwimu ya awali ikisomeka chini ya mstari mmoja, huwa na saini na tarehe, na huwa na stakabadhi ya kuliunga mkono. Basi mwanagenzi aanze kwa kuuliza kwa heshima: "Samahani mkubwa, ni stakabadhi gani inayoonyesha 200?"

Ikikosekana, apendekeze kuandika 160, na ile 40 ipokelewe kwa fomu yake itakapofika. Pendekezo hilo humpa msimamizi nafasi ya kubadili nia bila aibu. Akishikilia msimamo wake, mwanagenzi asitie saini. Aombe agizo hilo kwa maandishi, kisha siku hiyo hiyo anakili tarehe, saa, idadi aliyohesabu na waliokuwepo. Asiondoke na hati asilia, kwani anaweza kugeuzwa mshukiwa.

Hatua inayofuata ni kumweleza mkuu wa idara au mkaguzi wa ndani. Ikiwa hao nao wanahusika, Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi, EACC, ina ofisi Eldoret na hupokea simu bila malipo kwa nambari 1551.

Hofu ya kulipiziwa kisasi ina msingi. David Munyakei, karani kijana wa Benki Kuu ya Kenya, alifichua malipo ya Goldenberg mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alikamatwa, akashtakiwa na kupoteza kazi. Tangu 2003, kifungu cha 65 cha Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi humlinda anayetoa habari za ufisadi kwa tume. Hata hivyo, hakimlindi anayetoa taarifa ambayo yeye mwenyewe haiamini kuwa ya kweli. Kwa hiyo mwanagenzi aripoti alichokiona: mifuko 160 iliyohesabiwa na 200 aliyoambiwa aandike. Nani alinufaika, hiyo ni kazi ya wachunguzi.