Sekunde 30 za Mfuko wa Mahindi

Washa redio yoyote ya mkoani wakati wa matangazo ya biashara, sikiliza matatu mfululizo, kisha jiulize ni lipi lilikuwa la duka la vitanda na lipi la chuo cha ufundi. Mara nyingi hutajua. Yote yanaanza na habari njema, yote yana ubora wa hali ya juu, na yote yanamalizia kwa namba za simu zinazosomwa mbiombio. Mwenye duka amelipa fedha zake, msomaji amejitahidi kwa sauti yake nzuri, lakini msikilizaji hakubaki na kitu. Mara nyingi kosa liko kwenye andiko, na andiko linarekebishika kabla ya mtu yeyote kuingia studio.

Nitalionyesha hilo kwa tangazo la mfano. Tuseme kuna duka la pembejeo Makambako, mkoani Njombe, linalouza mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa. Mwenye duka amenunua nafasi ya sekunde 30, na kijana wake wa mauzo ameandika hivi:

"Habari njema! Habari njema! Habari njema kwa wakulima wote wa Makambako na vitongoji vyake! Je, wewe ni mkulima? Je, umechoka kupata hasara? Basi usihangaike tena! Duka letu la pembejeo sasa linakuletea mifuko ya kisasa ya kuhifadhia nafaka, yenye ubora wa hali ya juu na kwa bei nafuu kabisa. Mifuko yetu ina tabaka tatu na imethibitishwa na wataalamu. Pia tunauza mbegu, mbolea, viuatilifu, mabomba ya kupulizia na vifaa vyote vya kilimo na mifugo. Huduma zetu ni za haraka na za uhakika. Wahi sasa, kwani ofa hii ni ya muda mfupi! Tupo Makambako mjini, mkabala na stendi. Kwa mawasiliano zaidi piga simu namba hii, narudia, namba hii, au fuatilia kurasa zetu za mitandao ya kijamii. Nyote mnakaribishwa!"

Kazi ya kwanza ni kulisoma kwa sauti huku saa ya simu ikihesabu. Kusoma kwa macho kunadanganya, kwa sababu jicho huruka pale ambapo mdomo unapaswa kutamka kila silabi. Maneno yetu ni marefu: neno kama "imethibitishwa" lina silabi sita. Msomaji anayesoma kwa utulivu, akimpa msikilizaji nafasi ya kuelewa, hutamka maneno kama 60 hivi kwa nusu dakika. Andiko hili lina zaidi ya maneno 110, na hapo bado hatujahesabu tarakimu za simu zinazotajwa mara mbili. Studio itafanya nini? Itamwambia msomaji akimbize. Ndiyo maana matangazo mengi yanasikika kama mnada wa ng'ombe.

Kwa hiyo karibu nusu ya maneno lazima iondoke. Swali ni nusu ipi. Kipimo ninachokiamini ni hiki: chukua sentensi moja, ihamishie kwenye tangazo la saluni. Kama bado inafaa, haikuwa inasema chochote juu ya mfuko. "Huduma zetu ni za haraka na za uhakika" inafaa saluni, inafaa karakana, inafaa hata kliniki ya meno. Itoke. "Ubora wa hali ya juu" na "bei nafuu kabisa" zitoke. Habari njema zote tatu zitoke pia, kwa sababu zinaahidi habari bila kuitoa, nazo zinakula sekunde za mwanzo, zile ambazo msikilizaji anaamua kama atasikiliza au ataendelea na mazungumzo yake.

Maswali mawili yanayofuata yanaonekana kumgusa mkulima, lakini hayamgusi. Anayesikiliza redio ya eneo lile anajua kuwa yeye ni mkulima. Na hasara ni ya aina nyingi: mvua imekata, mbolea imepanda bei, nguruwe pori wameingia shambani. Mpaka tangazo litaje hasara gani, kila mtu atafikiria ya kwake na mfuko hautakuwemo.

Orodha ya mbegu, mbolea na mabomba ndiyo ngumu kuikata, maana mwenye duka ataitetea. Atasema amelipia tangazo, kwa nini asitaje bidhaa zake zote? Namwelewa. Lakini katika sekunde 30 sikio linabeba jambo moja. Ukitaja vitu saba, msikilizaji anabaki na picha ya duka la pembejeo kama maduka mengine, na mfuko, ambao ndio sababu ya tangazo, unazama humo humo. Mteja akishaingia kununua mfuko, mbegu ataiona kwenye rafu.

Sentensi ya wataalamu nayo ina tatizo lake: wataalamu gani, na wamethibitisha nini? Mifuko ya aina hii ina historia inayojulikana. Ilitokana na utafiti wa kuhifadhi kunde nchini Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, ukiongozwa na Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Historia hiyo inapendeza kusoma gazetini, lakini kwenye tangazo haina nafasi. Mwandishi anapaswa kuijua ili afike kwenye jambo lenye nguvu zaidi, yaani namna mfuko unavyofanya kazi.

Ndani kuna mifuko miwili ya plastiki nzito, mmoja ndani ya mwingine, na nje kuna kiroba cha kawaida cha kubebea. Kila kimoja kinafungwa peke yake kwa kukaza. Wadudu waliomo kwenye mahindi wanaendelea kuvuta hewa iliyobaki humo, na kwa kuwa mpya haiingii, inapungua mpaka wanaacha kula na hatimaye wanakufa. Hakuna dawa inayotiwa.

Sasa tunaweza kuuliza faida, na hapa ndipo maandiko mengi yanapokwama. "Ina tabaka tatu" ni sifa ya mfuko. "Inahifadhi nafaka" ni kazi ya mfuko. Faida ni kinachobadilika nyumbani kwa mkulima, nayo huipati kwa kukaa mezani na kutafuta vivumishi. Unaipata kwa kumuuliza mwenye duka wateja wanaorudi kununua tena wanamwambia nini. Nyanda za Juu Kusini mahindi huvunwa karibu kwa wakati mmoja, kati ya Juni na Agosti, na kila mtu akiuza pamoja bei inashuka. Mkulima angependa kusubiri, lakini anamwogopa dumuzi, yule mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kati aliyeripotiwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na tangu hapo akasambaa. Dumuzi anaweza kugeuza gunia la mahindi kuwa vumbi na maganda. Kwa hiyo mtu anauza Julai kwa bei yoyote, kisha Februari, chakula kinapopungua, ananunua mahindi ya wengine kwa bei kubwa.

Faida ya mfuko ni kwamba anaweza kusubiri. Neno hilo moja lina uzito kuliko "ubora wa hali ya juu" mara mia, kwa sababu linataja uamuzi ambao mkulima huyu anaufanya kila mwaka akiwa hana raha nao.

Lakini faida ikishanolewa inakuwa na makali pande zote mbili. Mwandishi aliyefurahia ugunduzi wake huandika upesi kwamba mahindi yatakaa salama kwa asilimia mia, na hapo amemdanganya msikilizaji. Mfuko usiopitisha hewa unafunga pia unyevu. Mahindi mabichi yakifungiwa humo yanaota kuvu, na kuvu wengine huacha sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Plastiki ikitobolewa na panya, au na dumuzi mwenyewe, hewa inaingia na kazi yote inaharibika. Kwa hiyo agizo la kukausha mahindi haliondolewi hata kama sekunde zimebana. Namna ya kupima ukavu inaweza kuelezwa dukani: tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, funga, tikisa, acha yatulie; chumvi ikiganda kwenye punje au kwenye chupa, mahindi bado hayajakauka.

Umebaki mwisho. Andiko la kijana wetu linamwachia msikilizaji milango mitatu: aje dukani, apige simu, au afungue mitandao. Aliyeko shambani na jembe mkononi, au nyuma ya pikipiki, hana kalamu, na tarakimu kumi hazikai kichwani hata zikirudiwa. "Wahi sasa, ofa ya muda mfupi" ni mbaya zaidi, kwa kuwa hakuna ofa yoyote iliyotajwa, na msikilizaji amekwisha kuizoea kauli hiyo kiasi kwamba haisikii. Haraka ya kweli ipo tayari: ni mavuno yenyewe.

Mwisho mzuri humpa mtu tendo moja analoliweza katika safari anayoifanya hata hivyo. Wakulima wa vijijini hushuka stendi ya Makambako kwa shughuli zao nyingine. Mpe alama inayoonekana kwa macho, kisha mpe maneno ya kutamka akifika kaunta, maana wengi hupita mlangoni kwa kutojua kitu hicho kinaitwaje. Baada ya kukata, kunoa na kurekebisha, andiko linakuwa hivi:

"Unauza mahindi Julai kwa bei ya chini, kwa sababu unaogopa dumuzi. Mwaka huu, subiri. Kausha mahindi vizuri, yatie kwenye mfuko wa tabaka tatu, funga kila tabaka. Dumuzi anakosa hewa, anakufa, na hutii dawa. Januari unafungua mahindi mazima, ya kula na ya kuuza. Ukishuka stendi ya Makambako, tafuta duka lenye mlango wa kijani. Useme: Nataka mfuko wa tabaka tatu. Tutakuonyesha namna ya kuufunga."

Ni maneno kama 60. Tabaka tatu zimerudi, lakini sasa zina kazi: ni jina la kuombea, na ni agizo la kufunga. Jina la duka halimo kwa kuwa mlango wa kijani unatafutika kirahisi zaidi. Mwenye duka akisisitiza, liwekwe mahali pa neno "duka" na kitu kingine kipunguzwe.

Kabla ya kulipeleka studio, msomee mtu anayepika au anayefua, mara moja tu, kisha endelea na hadithi nyingine. Baada ya dakika kumi muulize duka liko wapi na angeomba nini. Akikosa kimojawapo, mwisho bado haujakaa. Kwa msomaji andika pembeni kwamba baada ya "subiri" pawe na kituo kirefu, na muziki uzimwe kuanzia "ukishuka". Tangazo lenyewe lirushwe kuanzia Mei, mahindi yakiwa bado shambani na uamuzi wa kuuza haujafanywa.