Benki Haina Wajibu wa Kuanza na Ndugu Yako

Swali ni lile lile, kinachobadilika ni jina la ndugu tu. "Nyumba ni yangu, lakini mkopo ni wa mdogo wangu, na yeye duka analo na gari analo. Benki itauzaje nyumba yangu kabla haijamalizana naye?" Anayeuliza kwa kawaida ameshasaini, na mara nyingi dalali ameshabandika tangazo la mnada ukutani. Wapo wanaouliza kabla ya kusaini, lakini hao hawaulizi wapate jibu. Wanataka wahakikishiwe kwamba mdhamini husimama nyuma ya mkopaji, na kwamba benki haiwezi kumfikia mpaka imemkamua mkopaji hadi tone la mwisho. Imani hii imeenea Tanzania, mjini na vijijini, kwa waliosoma na wasiosoma. Haimo katika sheria, na haimo katika fomu wanazosaini. Ni lazima ivunjwe kabisa, kwa sababu ndiyo inayomfanya mtu mwangalifu, asiyekubali kumkopesha ndugu yake milioni mbili taslimu, amkabidhi hati ya nyumba ya milioni themanini.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inaweka wajibu wa mdhamini kuwa sawa na wajibu wa mkopaji, isipokuwa kama mkataba wenyewe umesema vinginevyo. Maana yake ni kwamba marejesho yakikwama, deni linawakalia wote wawili kwa uzito ule ule, na benki ndiyo inayochagua ianze na nani. Hailazimiki kumshtaki mkopaji kwanza, wala kuuza gari lake, wala kuthibitisha kwamba amefilisika. Wengine hushikilia hayo maneno ya "isipokuwa mkataba umesema vinginevyo." Sawa, basi wausome mkataba. Fomu za udhamini huandikwa na mawakili wa benki, na sharti la kawaida humo ni kwamba mdhamini anaweza kudaiwa kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekopa. Wengine husema hawakula hata senti ya mkopo huo. Hilo halisaidii, kwa kuwa sheria hiyo hiyo inatamka kwamba faida aliyoipata mkopaji inatosha kumfunga mdhamini. Wengine husema benki ilinyamaza mwaka mzima bila kudai, kwa hiyo imejitakia. Nalo halisaidii: ukimya wa mdai peke yake haumfungui mdhamini. Kinachoweza kumfungua ni benki na mkopaji kubadilisha masharti bila ridhaa yake, kwa mfano kukubaliana kuongeza muda wa kulipa, na hapo mdhamini ana hoja nzito ya kisheria. Ila tazama tena fomu. Mara nyingi mdhamini ameshakubali mapema, kwa saini yake, kwamba benki inaweza kumwongezea mkopaji muda au kupanga upya marejesho bila kumuuliza. Ulinzi aliopewa na sheria ameutoa mwenyewe kwenye ukurasa ambao hakuusoma.

Kosa hili huwa na madhara makubwa zaidi kwa sababu watu huchanganya karatasi mbili tofauti. Ya kwanza ni udhamini binafsi, yaani ahadi kwamba mkopaji akishindwa utalipa wewe. Ya pili ni rehani, yaani umeiweka nyumba au kiwanja chako kuwa dhamana ya deni la mwingine. Kwa udhamini binafsi peke yake, benki inapaswa kwenda mahakamani, ipate hukumu, kisha iombe kukaza hukumu kwa kukamata mali zako. Na hapo Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inakulinda kwa jambo kubwa: nyumba anamoishi mdaiwa na familia yake ni miongoni mwa mali zisizokamatwa katika kukaza hukumu. Wengi wamesikia habari ya kinga hiyo na wanaamini inafunika kila deni. Haifuniki rehani. Aliyeweka nyumba rehani ameipa benki uwezo wa kuiuza bila kufungua kesi, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya 1999. Benki inatoa notisi ya kushindwa kulipa. Siku 60 zikipita tangu mwenye nyumba aipokee, deni lote linakuwa limeiva na njia ya kuuza iko wazi. Kinachofuata ni notisi ya mauzo, tangazo la mnada na dalali. Kwa hiyo anayekabidhi hati amefanya zaidi ya kumwahidi ndugu yake msaada. Ameitoa nyumba yake mwenyewe kutoka mahali ambapo sheria ilikuwa imeificha.

Chukua mfano wa hesabu, kwa kuwa hapa ndipo watu hujidanganya kwa kusema "amebakiza kidogo tu." Mdogo mtu anakopa shilingi milioni 30 kwa miaka 3, riba ya asilimia 18 kwa mwaka inayokokotolewa kwenye salio. Rejesho la mwezi ni kama shilingi 1,085,000. Analipa miezi 8 bila kukosa, jumla karibu milioni 8.7, na kaka mtu anahesabu kwamba limebaki deni la milioni 21. Sivyo. Miezi ya mwanzo sehemu kubwa ya rejesho huliwa na riba, hivyo salio bado ni kama milioni 24.6. Biashara inayumba, mdogo mtu anazima simu, na miezi 6 inapita bila malipo. Kwa riba ya kawaida tu, bila adhabu ya ucheleweshaji, deni limerudi karibu milioni 27. Nyumba ya kaka ina thamani ya milioni 80 sokoni. Dalali akiiuza kwa milioni 62, zitakatwa gharama za mnada na deni, na kinachobaki ni haki ya kaka. Benki haina ruhusa ya kukaa nacho. Lakini familia imehama, na kwa kilichobaki haitajenga tena nyumba kama ile mahali pale. Sheria inaitaka benki itafute bei nzuri kwa kadiri inavyowezekana, na bei ikishuka kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya kawaida ya mali kama hiyo, benki inachukuliwa kuwa imekiuka wajibu huo mpaka ithibitishe vinginevyo. Katika mfano huu mpaka huo ni milioni 60, na milioni 62 imepita juu yake. Hata ingekuwa chini, mnunuzi aliyenunua kwa nia njema analindwa, na mwenye nyumba kwa kawaida huishia kudai fidia ya fedha.

Sasa nijibu pingamizi ambalo mitaani limegeuzwa kuwa dawa: "Mke wangu hakusaini, kwa hiyo rehani ni batili." Msingi wake ni wa kweli. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mwanandoa mmoja kuiweka nyumba ya ndoa rehani bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi inaitaka benki ichukue hatua za maana kujua kama mwombaji ana mwenza. Kwa mwanamke aliyefichwa kweli, hii ni haki inayostahili kupiganiwa. Tatizo ni pale inapotumiwa kama mpango wa akiba: mume anaapa kwenye kiapo kwamba hajaoa, au anamleta mtu mwingine asaini kama mke, huku familia ikitegemea kwamba mke halisi ataibuka siku ya mnada. Mahakama zimeshaona mashauri mengi ya namna hii. Zitauliza benki ilionyeshwa nini, na zitauliza kwa nini mke hakuwahi kuweka zuio kwa Msajili wa Hati ilhali alikuwa na haki hiyo. Mume aliyeapa uongo amejiweka pia kwenye hatari ya jinai. Na kama mke alisaini fomu ya ridhaa, hata kama aliambiwa "weka tu sahihi, ni utaratibu," atapata kazi ngumu sana kuikana. Amri ya zuio la muda nayo si ya kupewa kila anayelia. Tangu shauri la Atilio dhidi ya Mbowe la 1969, mwombaji anatakiwa kuonyesha kwamba ana hoja nzito, kwamba atapata hasara isiyofidika kwa fedha, na kwamba akinyimwa zuio ataumia kuliko mwenzake. Kwenye hoja ya pili wenye nyumba hukwama, kwa sababu nyumba iliyothaminiwa kwa shilingi na kuwekwa dhamana ya shilingi ni vigumu kuiita isiyofidika kwa shilingi.

Hali huwa mbaya zaidi kwa nyumba ya urithi ambayo hati bado ni ya marehemu baba, au imeandikwa jina la msimamizi wa mirathi. Msimamizi anashika mali kwa niaba ya warithi wote, na kuiweka rehani kwa mkopo wa mmoja wao ni kuchezea haki za wadogo, wajane na watoto ambao hawakuitwa kwenye kikao. Hili lisifanywe, hata ukoo ukikaa na kulibariki kwa mdomo.

Kwa anayetaka kumsaidia ndugu bila kuitoa nyumba, njia zipo. Saini udhamini binafsi wenye kikomo cha fedha kilichoandikwa kwa tarakimu na maneno, na usikabidhi hati. Kataa sharti linalofunika madeni yote "ya sasa na ya baadaye". Lifungwe kwenye mkopo huu mmoja. Dai nakala ya barua ya mkopo na ya fomu uliyosaini siku hiyo hiyo. Andikia benki anwani na simu yako ya sasa, ili notisi isiende kwenye sanduku la posta la zamani, na omba ridhaa ya ndugu yako ya maandishi ili upewe taarifa ya akaunti ya mkopo kila mwezi. Uliza kama mkopo una bima na kama bima hiyo inalipa kwa kifo pekee au na ulemavu. Notisi ikishafika, zile siku 60 zitumie: pata mchanganuo wa deni, omba mpango mpya kwa maandishi, na ikibidi omba ruhusa ya kutafuta mnunuzi mwenyewe kwa bei ya soko badala ya kumsubiri dalali. Mkiwa wadhamini kadhaa, benki inaweza kumdai mmoja deni lote, naye akishalipa anadai wenzake mafungu yao. Na ukilipa deni la ndugu, unarithi haki za benki dhidi yake pamoja na dhamana alizoweka, hata lile gari kama aliliweka dhamana. Tunza stakabadhi, kwa maana muda wa kumshtaki kwa mkataba ni miaka 6, na huanza kuhesabiwa siku ulipolipa.